Wakati wa Kupanda Mahindi, Nafasi ya Mashimo, na Hesabu ya Mbegu

Walimaji wa vijiji vya Kalemie, habari hii ni ya mahindi. Iliandikwa kwanza kwa Kifaransa kwa ajili ya shirika moja la walimaji, nami nimeigeuza katika Kiswahili ili kila mtu aisome nyumbani kwake pamoja na jamaa yake. Mahali ambapo maneno ya Kifaransa yalikuwa mafupi mno nimeongeza mifano ya mashamba yetu. Someni polepole. Sehemu ya hesabu someni mkiwa na kalamu na karatasi, maana hesabu haishikwi kwa kusikia tu.

Wengi wenu mna ndugu katika machimbo, wengine huko Manono, wengine karibu zaidi. Mtu wa machimbo hurudi nyumbani anapopata nafasi, na mara nyingi nafasi hiyo huja wakati mvua imekwisha kunyesha majuma mengi. Hapo jamaa hulima kwa haraka, hununua mbegu sokoni kwa bei yo yote, hutia punje nne au tano katika shimo moja, na mwezi wa kwanza ukifika hakuna hata gunzi moja la kuchoma. Feza iliyotoka shimoni kwa taabu imerudi shimoni. Basi maswali ni matatu: mbegu iingie udongoni siku gani, shimo likae mbali gani na shimo la pili, na mbegu ya kununua ni kilo ngapi.

Wakati wa kupanda

Kwetu Kalemie kiangazi hushika tangu mwezi wa sita mpaka mwezi wa tisa, na masika huanza katika mwezi wa kumi. Kwa hiyo mahindi ya kwanza hupandwa kati ya nusu ya mwezi wa kumi na mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Lakini msishike tarehe kama mtu ashikavyo amri. Wazee wanakumbuka habari za sheria ya mwaka 1917, ambayo serikali ya wakati ule iliwalazimisha watu wa vijiji kulima mazao fulani, na aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Wakati ule mtu alipanda kwa kuogopa. Siku hizi hakuna wa kukufunga, lakini wako watu wanaopanda siku ile ile kila mwaka kwa desturi, wala hawatazami udongo. Ni udongo unaosema siku, si karatasi.

Mvua ya kwanza ni mdanganyifu. Hunyesha jioni moja kwa nguvu, vumbi likalala, watu wakafurahi, kisha jua likawaka siku kumi. Punje iliyopandwa katika mvua hiyo hunywa maji, huvimba, hutoa kijizizi, halafu hukauka. Punje iliyokwisha kuota na kukauka imekufa. Mvua ya pili haitaifufua. Itakubidi ununue mbegu mara ya pili.

Basi ngoja mvua ya kweli, na kuna njia mbili za kuijua. Ya kwanza ni jembe. Chimba shimo dogo katika shamba lako, kina chake shubiri moja. Kama udongo wa chini kabisa umelowa, chukua konzi moja na uukaze mkononi. Ukishikamana kama donge, na donge likivunjika ukiligusa kwa kidole, panda. Ukimwagika kama vumbi, ngoja. Ukitoka maji kati ya vidole, ngoja pia siku moja au mbili, maana punje huoza katika matope. Udongo wa mchanga hautashikamana vizuri hata ukiwa na maji. Huko tazama tu kama unyevu umefika chini ya shubiri.

Njia ya pili ni kopo. Tafuta kopo ambalo pande zake zimesimama wima, si ndoo iliyopanuka juu, ukaliweke wazi katikati ya shamba, mbali na miti. Kila asubuhi pima kina cha maji kwa kijiti, andika, kisha mwaga maji. Ikiwa katika siku tatu hivi umepata jumla ya sentimeta 2 na nusu, mvua hiyo yatosha. Ukubwa wa mdomo wa kopo haudhuru kitu, kwa sababu kopo pana hupokea maji mengi lakini huyatandaza mahali papana. Kina ni kile kile. Kopo moja latosha mashamba yanayopakana, lakini halitoshi kijiji cha mbali, maana mvua ya kwetu hunyesha ng'ambo hii ya kilima ikaacha ng'ambo ile.

Mvua ya kweli ikiisha kufika, usikawie. Sababu si moja. Wakati wa kiangazi udongo hulala mkavu, na mvua za kwanza zikiulowesha, vyakula vya mimea vilivyomo huamka kwa wingi. Mahindi yaliyopandwa mapema huvila. Mvua zikiendelea majuma mengi huvichukua chini, mahali ambapo mizizi michanga haiwezi kufika, na mahindi yaliyochelewa hutoka ya manjano hata katika shamba zuri. Tena, wadudu huongezeka kadiri masika inavyoendelea. Yuko yule kiwavi mgeni aliyeonekana katika Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, mwenye alama kama Y iliyopinduliwa katika uso wake, anayekula ndani ya moyo wa mhindi. Huyu huwapata wote, lakini shamba lililochelewa humpokea akiwa amekwisha kuzaana katika mashamba ya jirani.

Sababu ya tatu ni ya tumbo. Mahindi ya kawaida huwa tayari kuchomwa baada ya siku 80 au 85, na huiva kabisa baada ya miezi minne hivi. Aliyepanda tarehe 25 ya mwezi wa kumi ataanza kuchoma mahindi katikati ya mwezi wa kwanza, wakati ambapo ghala nyingi ni tupu. Mwezi wa pili ukiisha atavuna, na udongo ule ule utapokea maharage ya mvua za mwisho. Aliyepanda sikukuu ya Noeli atachoma katikati ya mwezi wa tatu, wala hana nafasi ya maharage. Amepoteza mavuno mawili kwa kukawia mara moja.

Nafasi ya mashimo

Watu wengi husema, "Nikibananisha mashimo nitapata mahindi mengi." Utapata mabua mengi. Mhindi huhitaji mwanga kwa majani yake na mahali pa mizizi yake. Uliosongwa hukua mrefu na mwembamba, huanguka kwa upepo, na mara nyingi hauzai gunzi. Lakini kuweka mashimo mbali mno nako ni hasara, maana mahali patupu huota magugu, na mvua huchukua udongo.

Nafasi inayofaa kwa shamba la mahindi peke yake ni sentimeta 75 kati ya mstari na mstari, na sentimeta 50 kati ya shimo na shimo katika mstari. Kila shimo litiwe punje mbili. Kina cha shimo kiwe sentimeta 5, ndiyo pingili mbili za kidole cha shahada. Katika mchanga wa kando ya ziwa waweza kufikisha sentimeta 7, maana mchanga hukauka upesi juu.

Ili kupima, tengeneza kamba ya meta 10 au 20 isiyovutika. Funga kitambaa au fundo kila sentimeta 50. Kisha kata fimbo mbili, kila moja sentimeta 75 barabara. Watu wawili hukaza kamba kutoka mwisho mmoja wa shamba hata mwingine, na wengine hupanda, shimo moja kwa kila fundo. Mstari ukiisha, kila mwenye ncha ya kamba hulaza fimbo yake chini na kuihamisha kamba hadi mwisho wa fimbo. Kama shamba liko katika mteremko, mistari ikate mteremko, isishuke pamoja nao, la sivyo kila mstari utakuwa mfereji wa maji. Angalieni kamba ya mkonge au ya gome: ikilowa hubadilika urefu. Ipimeni tena kila asubuhi.

Nilitazama shamba lililopandwa punje nne katika kila shimo kwa nafasi hiyo hiyo. Mwenyewe alisema punje mbili ni za panya. Panya hawakuja. Mabua manne yalisimama pamoja kama watu wanne katika mtumbwi wa mmoja, na magunzi yake yalikuwa kama kidole gumba. Kama waogopa panya na ndege, weka akiba ya mbegu nyumbani, na baada ya siku 7 au 8 pita shambani ukajaze mashimo yaliyokosa. Usingoje majuma matatu, kwa sababu mche wa kujaza utakaa katika kivuli cha wenzake wala hautazaa.

Wanaochanganya mahindi na mihogo, ambao ni wengi kwetu, wapanue mistari iwe meta 1, shimo na shimo sentimeta 50 kama kwanza, na mihogo ikae katikati ya mistari kwa meta 1 kila upande. Hesabu ya mbegu yao itapungua, nanyi mtaiona sababu hapa chini.

Hesabu ya mbegu

Sasa shikeni kalamu. Wengi wamesikia kwamba hektari moja yataka kilo 20 au 25 za mbegu. Neno hilo si uongo, lakini halimsaidii mtu asiye na hektari moja, wala halijui mbegu yako ni kubwa au ndogo, nzima au mbovu. Afadhali kila mmoja ajue kuhesabu mwenyewe. Mambo ya kujua ni manne: shamba lina mashimo mangapi, punje ngapi kwa shimo, punje elfu moja zina uzito gani, na katika punje mia zinaota ngapi.

Tuchukue shamba la mama mmoja, urefu meta 60 na upana meta 40. Lipimwe kwa kamba, si kwa hatua, maana hatua ya kijana si hatua ya mzee. Kama pande mbili zinazoelekeana hazilingani, tuseme upande mmoja ni meta 36 na wa pili meta 44, jumlisha zote mbili, ukate nusu: 36 na 44 ni 80, nusu yake 40.

Mistari itafuata urefu wa meta 60. Upana ni meta 40, ndiyo sentimeta 4,000. Gawanya kwa 75: unapata mistari 53. Kila mstari una meta 60, ndiyo sentimeta 6,000. Gawanya kwa 50: unapata mashimo 120. Basi mashimo yote ni 53 mara 120, jumla 6,360. Kila shimo punje mbili, kwa hiyo punje ni 12,720.

Punje hazinunuliwi kwa kuhesabiwa, zanunuliwa kwa kilo. Kwa hiyo hesabu punje 1,000 za mbegu unayotaka kununua, bila kuchagua zilizo kubwa, uzipeleke kwa mwenye mizani ndogo sokoni. Tuseme uzito wake ni gramu 300, kama ilivyo kwa mbegu nyingi za mahindi. Punje 12,720 ni elfu 12 na kidogo. 12,720 mara 300, ugawanye kwa 1,000, ni gramu 3,816. Tuseme kilo 3 na gramu 800. Kama zingekuwa punje ndogo za gramu 250 kwa elfu, zingekuwa kilo 3 na gramu 180 tu, kwa shamba lile lile. Ndiyo sababu kilo moja ya mtu huyu haipandi sawa na kilo ya yule.

Kuota kwa mbegu

Jambo la nne ndilo watu wanaloliruka, nalo ndilo linaloharibu. Kabla ya kununua, omba konzi moja ya mbegu. Hesabu punje 100 bila kuchagua. Zipange juu ya kitambaa kilicholowa, zisigusane, kikunje, ukiweke mahali pa kivuli chenye joto la nyumba, na kila siku ukilowanishe bila kukijaza maji. Siku ya saba kifungue. Hesabu zile tu zilizotoa mzizi na chipukizi lenye nguvu. Zilizotoa mzizi mbovu au zilizofanya ukungu usizihesabu.

Tuseme zimeota 85. Maana yake, ili kupata miche 85 yapasa kutia punje 100. Basi chukua kilo ulizopata, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa 85. Gramu 3,800 mara 100 ni 380,000. Ugawanye kwa 85, unapata gramu 4,470 hivi, karibu kilo 4 na nusu. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa kujaza mashimo yaliyokosa, ndiyo gramu 450, na jumla ni karibu kilo 5. Mama huyo anunue kilo 5. Asinunue 3, wala asinunue 10.

Hapa wengine hukosea hivi: wanasema zimekosa 15 katika mia, basi naongeza 15 katika mia. Mbegu ikiwa nzuri kosa hili ni dogo. Lakini tuseme zimeota 60 tu, na shamba lahitaji kilo 16. Ukiongeza 40 kwa mia unapata kilo 22 na kidogo. Ukihesabu kwa njia ya kweli, 16 mara 100, ugawanye kwa 60, ni kilo 26 na zaidi ya nusu. Umepungukiwa kilo 4, na mistari ya mwisho itakaa tupu.

Tena, mbegu iliyoota 60 haifai hata ukiongeza kilo. Zile zinazoota zimechoka kama wenzake zilizokufa. Hutoka siku mbalimbali, na mashimo huwa mengine mawili, mengine sifuri. Zikiota chini ya 80, tafuta mbegu nyingine kama kuna nafasi. Kwa sababu hiyo jaribio lifanywe mwezi wa nane au mwanzo wa mwezi wa tisa, wakati ambapo bado waweza kumrudishia mwuzaji.

Hesabu ya shirika

Shirika likinunua pamoja, karani asizidishe hesabu ya watu kwa kilo 25. Azidishe mashamba. Mfano: wanashirika ni 32. Ishirini wana mashamba ya meta 60 kwa 40, kila mmoja kilo 5, jumla kilo 100. Wanane wana meta 50 kwa 50; hapo mistari ni 66, mashimo 100 kwa mstari, na kwa hesabu ile ile kila mmoja ahitaji kilo 5 na robo, jumla kilo 42. Wanne wana hektari moja moja. Mistari 133, mashimo 200 kwa mstari, kilo 16 kabla ya kuota, kilo 19 baada yake, na pamoja na akiba kilo 21 kila mmoja, jumla 84. Kilo 100 na 42 na 84 ni 226. Mbegu ikija katika mifuko ya kilo 10, mifuko 23 yatosha, na kilo 4 zinabaki kwa mashimo yaliyoliwa na kuku.

Kama karani angezidisha 32 kwa 25, angeagiza kilo 800. Feza ya kilo 574 ingelala katika ghala pamoja na fukusi, na mwaka unaofuata mbegu ile isingeota vizuri.

Wenye kuchanganya na mihogo wahesabu upya kwa mistari ya meta 1. Shamba la meta 60 kwa 40 litakuwa na mistari 40 badala ya 53, na kilo 3 na robo tatu badala ya 5. Waandikwe mbali katika daftari, la sivyo wataletewa mbegu zaidi, na mbegu iliyozidi nyumbani huishia katika chungu.

Na hapo pana hatari. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi nyekundu au kijani zimetiwa sumu ya kuzuia ukungu na wadudu. Kuziosha hakuiondoi sumu. Zisisagwe unga wa bukari, wasipewe kuku, na mfuko wake usiwekwe chumvi wala unga. Aliyepanda kwa mikono aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kwa mbegu ya nyumbani, uliza kwanza jina lake dukani uliponunua. Zile zinazoitwa hibridi huzaa vizuri mwaka mmoja; watoto wake hawafanani na mama, basi hununuliwa kila mwaka. Mbegu nyingine zaweza kuwekwa. Chagua magunzi shambani kabla ya kuvuna, katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani, kutoka mabua yenye nguvu yasiyoanguka. Yakikauka, ondoa punje za ncha mbili za gunzi, uchukue za katikati, ambazo ukubwa wake ni mmoja. Zikaushe mpaka zivunjike kwa meno bila kubonyea, uzitie katika chombo kinachofungwa vizuri, nacho kikae mbali na moto na mbali na mbolea. Mwezi wa nane ukifika, toa punje 100 na kitambaa.